Kutafsiri muhtasari wa taarifa za fedha: tarakimu, tarehe, sarafu na vipimo

Katika muhtasari wa taarifa za fedha, tarakimu zenyewe hazitafsiriwi. 18,426,300 ni ileile kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Kinachotafsiriwa ni vile vitu vidogo vinavyoizunguka: neno lililo juu ya safu, mabano, alama ya sarafu, mkwaju wa tarehe, herufi moja ya kipimo. Makosa makubwa niliyowahi kuyaona, yangu yakiwamo, yote yalikuwa humo. Mtafsiri hutumia saa nzima kutafuta jina zuri la akaunti, halafu anaipunguza faida mara elfu moja kwa sababu hakuangalia kichwa cha jedwali.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Ni kampuni ya kubuni, lakini sura ya muhtasari ni ile utakayoletewa mezani:

```
Summary, year ended 30 June 2024

TZS '000               FY24         FY23
Revenue          18,426,300   16,998,400
Profit before tax 1,204,750     (386,120)
Cash                642,080      910,515
EPS (TZS)             14.06        (4.50)

Gross margin rose 2.5 points to 24.0%.
Volumes: 12,500 tons.
Dividend TZS 5 per share; books close
05/12/2024, 4:00 p.m.
```

Kwanza, soma bila kutafsiri

Kabla ya kuandika neno lolote, chukua karatasi pembeni uandike mambo manne: fedha ni za nchi gani, zimeandikwa kwa kizio gani, mwaka wa hesabu unaanza na kuisha lini, na tarehe zimepangwa kwa mtindo gani. Kwa mfano wetu, majibu ya haraka ni shilingi za Tanzania, maelfu, 1 Julai 2023 hadi 30 Juni 2024, na la nne bado hatulijui. Hilo la nne tutalirudia.

Kwenye karatasi hiyohiyo andika pia kinachovunja kanuni. Kichwa kinasema maelfu, lakini mstari wa mwisho, faida kwa kila hisa, una mabano yake yanayosema ni shilingi kamili. Ukiuacha mstari huo chini ya kichwa cha "maelfu" bila kuutofautisha, umemwambia msomaji kwamba kila hisa imezalisha shilingi 14,060. Karibu kila muhtasari una mstari wa namna hii, na karibu kila mara uko chini kabisa, pale macho yanapokuwa yamechoka.

Jedwali: gusa kichwa, usiguse tarakimu

Ndani ya jedwali ninaacha tarakimu zote kama zilivyo, na maelfu yanabaki maelfu. Sizibadili kuwa mamilioni ili zipendeze, kwa sababu mkaguzi au mwanahisa atakayelinganisha nakala mbili anataka kuona tarakimu zilezile mahali palepale. Ninachobadili ni kichwa, ambacho kinakuwa "Shilingi za Tanzania, kwa maelfu". Wengine huandika `Sh. '000`, na ni sawa pale ambapo wasomaji ni wahasibu. Kwa wanahisa wa kawaida, kale ka-apostrofi na sifuri tatu hakasemi kitu.

Koma na nukta hazina shida Tanzania wala Kenya: koma inatenga maelfu na nukta inatenga sehemu ndogo, kama katika Kiingereza. Lakini Kiswahili cha Kongo kinafuata desturi ya Kifaransa, na mipangilio ya kompyuta ya `sw-CD` inageuza alama hizo mbili. Huko 14.06 inaandikwa 14,06. Ukimtafsiria msomaji wa Lubumbashi, uliza kabla. Na ukipokea faili la CSV lililopitia kompyuta yenye mipangilio hiyo, fungua uone kama safu ya sehemu ndogo imegeuka kuwa maandishi, maana Excel haitakuonya.

Mabano katika jedwali ni alama ya hasi, nayo inabaki. Wahasibu wa lugha zote mbili wanaijua. Nje ya jedwali mambo ni tofauti kabisa.

Sentensi: hapa ndipo kizio kinapoteleza

Msimamizi akikuomba uandike kwa maneno kwamba mapato yalikuwa kiasi gani, lazima utoke kwenye maelfu uende kwenye kiasi kamili. Usikadirie kwa macho. Ongeza sifuri tatu kwanza, kisha hesabu makundi: 18,426,300 inakuwa 18,426,300,000, yaani makundi matatu baada ya 18, hivyo ni bilioni. Kosa la kawaida ni kuona 18,426,300, ubongo ukasoma "milioni 18.4", na mkono ukaandika hivyo. Lina sura ya ukweli, na hakuna kikagua-tahajia kitakacholikamata.

Kiswahili kinaweka kizio mbele ya kiasi: "shilingi bilioni 18.43". Mtindo wa magazeti wa "Sh18.43 bilioni" unakubalika kwenye vichwa vya habari, lakini katika taarifa rasmi ninashika ule wa kwanza, kwa kuwa ndivyo mtu anavyotamka. Vifupisho vya herufi moja naviepuka kabisa. `m` inaweza kuwa milioni au mita. `M` kwa baadhi ya wahasibu wa Marekani bado ni elfu, urithi wa tarakimu za Kirumi, na kwao milioni ni `MM`. Ukikutana na `M` kwenye chanzo cha Kimarekani, itafute takwimu ileile mahali pengine kwenye ripoti kamili uthibitishe, usibahatishe.

Ukiombwa kuandika kiasi kwa maneno matupu, kama inavyofanyika kwenye hundi na maazimio, jihadhari na "na". Chukua hasara ya mwaka uliotangulia, 386,120,000. Mtu ataandika "milioni mia tatu themanini na sita, elfu mia moja na ishirini". Sehemu ya mwisho inasomeka kwa namna mbili: elfu mara 120, au laki moja kamili na shilingi ishirini zaidi. Dawa yake tunayo nyumbani: "laki moja na elfu ishirini". Laki inadharauliwa kwenye hati rasmi kama neno la sokoni, lakini hapa ndilo linaloondoa utata, nami sioni haya kulitumia. Na bado ninaweka tarakimu pembeni.

Upande wa pili, ukitoka Kiswahili kwenda Kiingereza, laki inavunjwa: laki saba na nusu ni 750,000, na ndivyo inavyoandikwa. Kiingereza cha nje ya Bara Hindi hakina neno lake la siku zote.

Sasa mabano. Ndani ya sentensi ya Kiswahili mabano ya hasi hayana kazi. "Faida kabla ya kodi ilikuwa (386,120)" si sentensi ya mtu. Tunasema "kampuni ilipata hasara kabla ya kodi ya shilingi milioni 386.12". Ukishaandika "hasara", toa alama ya hasi, kwani hasara ya kutoa milioni 386 ni faida. Na usikubali kutafsiri asilimia ya ukuaji kutoka hasara kwenda faida, hata kama mtu ameikokotoa. Hesabu itatoa namba, lakini namba hiyo haina maana. Andika tu kwamba kampuni imetoka kwenye hasara ya kiasi hiki na kupata faida ya kiasi kile.

"Kwa" na "hadi", asilimia na pointi

Maneno mawili mafupi yanabeba mzigo mkubwa. Mapato "yaliongezeka kwa" shilingi bilioni 1.43 "hadi" bilioni 18.43. Ukizibadilishana umeandika uongo wenye sarufi safi. Mimi hufanya kipimo kidogo: kila ninapoandika "kwa", natoa namba ya mwaka jana kwenye ya mwaka huu nione kama jibu linalingana. 18,426,300 kutoa 16,998,400 ni 1,427,900. Gawanya kwa 16,998,400 unapata asilimia 8.4. Vizuri.

Kiwango cha faida ghafi ndicho chenye mtego. Chanzo kinasema kimepanda pointi 2.5 hadi asilimia 24.0. Maana yake mwaka jana kilikuwa 21.5. Ukiandika "kiliongezeka kwa asilimia 2.5 hadi asilimia 24.0", msomaji makini atagawanya 24.0 kwa 1.025 na kupata kwamba mwaka jana kilikuwa takriban 23.4, kumbe sivyo. Kwa hesabu ya asilimia, ongezeko kutoka 21.5 hadi 24.0 ni asilimia 11.6. Kwa hiyo neno "pointi" si pambo. Ninaandika "pointi 2.5 za asilimia", na mara ya kwanza naongeza viwango vyote viwili: kutoka asilimia 21.5 hadi asilimia 24.0. Hapo hata asiyejua pointi ni nini anaelewa.

Tarehe, na saa yetu

Hapa tunarudi kwenye swali la nne. 05/12/2024 ni tarehe 5 Desemba au 12 Mei? Muhtasari huu hausemi. Lakini unatoa ushahidi: mwaka wa hesabu umeisha 30 Juni 2024, na daftari la wanahisa linafungwa kwa ajili ya gawio la mwaka huohuo. 12 Mei ni kabla hesabu hazijaisha, sembuse kukaguliwa. Ni 5 Desemba. Namna nyingine ya kujua ni kutafuta kwenye hati nzima tarehe yenye siku inayozidi 12. Ukiona 30/06, mpangilio umejulikana. Ukikosa vyote viwili, muulize mteja, na kwenye tafsiri andika mwezi kwa jina ili fumbo lisimfikie msomaji: "tarehe 5 Desemba 2024". Ukiongeza siku ya wiki, Alhamisi, umejiwekea ulinzi wa pili.

`FY24` haiwezi kubaki hivyo. Serikali ya Tanzania inahesabu mwaka wake wa fedha kuanzia 1 Julai hadi 30 Juni na kuuandika 2023/24, lakini kampuni nyingi huishia Desemba. Herufi hizo mbili na tarakimu mbili hazimwambii msomaji ni mwaka upi. Ninaandika "Mwaka ulioishia 30 Juni 2024" juu ya safu, hata kama unachukua mistari miwili. Vivyo hivyo robo mwaka: robo ya kwanza ya kampuni hii ni Julai hadi Septemba, si Januari hadi Machi, kwa hiyo taja miezi.

Angalia pia tofauti ya kipindi na siku. Mapato ni ya mwaka mzima, hivyo ni "kwa mwaka ulioishia". Fedha taslimu ni picha ya siku moja, hivyo ni "kufikia tarehe 30 Juni 2024". Ukiandika kwamba kampuni ilikuwa na fedha taslimu milioni 642.08 "kwa mwaka" 2024, umebadili maana.

Kisha saa. Hapa niliwahi kuumbuka. Kwenye tangazo la gawio la kampuni moja, niliacha `4:00 p.m.` iwe "saa 4:00 mchana". Wanahisa wachache walifika saa nne asubuhi kuwasilisha fomu zao, wakakuta aliyehusika hajafika, wakakaa kwenye benchi. Walikuwa sahihi wao, mimi ndiye niliyekosea. `4:00 p.m.` ni saa 10:00 jioni, na `10:00 a.m.` ni saa 4:00 asubuhi. Ongeza au toa sita, halafu taja kipindi cha siku, maana "saa 4:00" peke yake ni asubuhi au usiku. Hati ikisomwa na watu wa nje pia, andika yote mawili: "saa 10:00 jioni (16:00)".

Ukitafsiri kwenda Kiingereza, ogopa zaidi "usiku wa kuamkia Ijumaa". Huo ni usiku wa Alhamisi. Na kuna wasemaji ambao kwao "usiku wa Ijumaa" ni usiku huohuo wa kuamkia Ijumaa, kwa sababu siku yao inaanza jua linapozama. Mwisho wa kuwasilisha fomu ukiwa usiku, mwombe mteja aseme tarehe na saa.

Sarafu: taja, usibadilishe

Kazi ya mtafsiri si kubadilisha shilingi kuwa dola. Kiasi kinabaki katika sarafu ya taarifa. Kazi yako ni kuhakikisha haichanganywi na nyingine. `Sh` pekee inaweza kuwa ya Tanzania, Kenya, Uganda au Somalia, na `$` ni ya nchi nyingi zaidi. Mara ya kwanza andika jina kamili, "shilingi za Tanzania", na kama kuna sarafu mbili kwenye hati moja, tumia misimbo `TZS`, `KES`, `UGX`, `USD` kila mahali. Ule mkwaju na mistari miwili, `5,000/=`, uache kwenye risiti.

Mteja akisisitiza awe na safu ya dola, mwambie aitoe yeye au mhasibu wake, na akueleze viwango. Sababu ni hii. Kwa kawaida mapato na gharama hubadilishwa kwa kiwango cha wastani cha mwaka, lakini mali na madeni, fedha taslimu zikiwamo, kwa kiwango cha siku ya kufunga hesabu. Tuseme wastani ni shilingi 2,500 kwa dola na siku ya kufunga ni 2,600, viwango vya kubuni. Mapato yetu yanakuwa dola 7,370,520. Ukitumia kiwango cha kufunga kwa makosa, yanakuwa 7,087,038. Dola 283,482 zimepotea bila kampuni kufanya lolote. Safu hiyo ikiwapo, lazima kuwe na maelezo chini yake: viwango vilivyotumika, na kwamba imewekwa kwa urahisi wa msomaji tu.

Vipimo

Muhtasari wa fedha hauna vipimo vingi, na labda ndiyo sababu vinapita bila kuangaliwa. Mfano wetu una kimoja: 12,500 `tons`. Kwa Kiswahili "tani" msomaji anaielewa kuwa kilo 1,000. Ingekuwa `t` au `tonnes`, kazi ingekuwa imeisha. Lakini kwa tahajia hiyo inaweza kuwa tani fupi ya Kimarekani, kama kilo 907, na hapo mauzo ni tani 11,340 za kilo 1,000. Kampuni inayotumia shilingi za Tanzania yaelekea imekusudia tani ya kawaida, ila "yaelekea" haitoshi kwenye hati ya fedha. Hili ni swali la kumwandikia mteja. Kama muhtasari ni wa kampuni ya dhahabu, swali ni hilohilo kwa wakia: ile ya madini ya thamani ni gramu 31.1, ya kawaida ni 28.35. Andika "wakia za dhahabu" na uache kiasi kilivyo.

Ukaguzi wa mwisho

Ninafanya ukaguzi mara mbili. Wa kwanza ni wa mashine, kwa jedwali tu: tarakimu za chanzo na za tafsiri zinapaswa kuwa zilezile kwa mpangilio uleule.

```python
import re

def tarakimu(s):
    return re.findall(r"\(?\d[\d,.]*\)?", s)

chanzo = "Revenue 18,426,300 16,998,400"
tafsiri = "Mapato 18,426,300 16,998,400"

print(tarakimu(chanzo) == tarakimu(tafsiri))
```

Weka ndani ya `chanzo` na `tafsiri` mistari ya kiasi peke yake, bila vichwa, kwa sababu vichwa tumevibadilisha makusudi. Ikitoa `False`, chapisha orodha zote mbili utaona palipotofautiana. Inakamata tarakimu iliyorukwa na mabano yaliyodondoka. Haikamati kizio, wala saa, wala tarehe iliyopinduka.

Wa pili ni wa macho, na unaanzia kwenye tafsiri kurudi kwenye chanzo. Ninachukua kila kiasi kwenye sentensi zangu za Kiswahili na kukiandika upya kwa sifuri zake zote, kisha natafuta kama kipo kwenye jedwali la Kiingereza. Ukianza na chanzo, jicho linaona linachotarajia.

Hivi ndivyo maelezo ya mfano wetu yanavyotoka:

"Kwa mwaka ulioishia tarehe 30 Juni 2024, mapato yaliongezeka kwa asilimia 8.4 hadi shilingi za Tanzania bilioni 18.43. Kampuni ilipata faida kabla ya kodi ya shilingi bilioni 1.20, baada ya hasara ya shilingi milioni 386.12 mwaka uliotangulia. Kiwango cha faida ghafi kilipanda kwa pointi 2.5 za asilimia, kutoka asilimia 21.5 hadi asilimia 24.0. Kufikia tarehe 30 Juni 2024, fedha taslimu zilikuwa shilingi milioni 642.08, zikiwa zimepungua kutoka shilingi milioni 910.52 mwaka mmoja kabla. Faida kwa kila hisa ilikuwa shilingi 14.06. Mauzo yalikuwa tani 12,500. Gawio ni shilingi 5 kwa kila hisa, na daftari la wanahisa litafungwa Alhamisi, tarehe 5 Desemba 2024, saa 10:00 jioni (16:00)."

Na kwenye barua pepe ya kumkabidhi mteja, mistari miwili: "Tafadhali thibitisha kuwa tani ni za kilo 1,000. Tarehe ya kufunga daftari nimeisoma kuwa 5 Desemba kwa sababu 12 Mei ingetangulia mwisho wa mwaka wa hesabu."